Wingu Jeupe Katika Glasi: Kuandika Milinganyo ya Ioni na Kutabiri Mashapo

Mwanachuo mmoja tuliyekwenda kumtazama katika mazoezi ya kufundisha alikuwa amepanga jaribio zuri. Mezani aliweka glasi mbili. Katika glasi ya kwanza mlikuwa na maji yaliyotikiswa pamoja na unga wa chaki, kisha yakachujwa. Katika ya pili mlikuwa na maji matupu. Alikusudia kuwaonyesha watoto kwamba magadi yakitiwa katika glasi ya kwanza huleta wingu jeupe, na yakitiwa katika ya pili hayaleti kitu. Akatia magadi. Glasi zote mbili zikawa nyeupe. Watoto wakacheka. Mwalimu akasema kwamba glasi ya pili haikuoshwa vizuri, akaendelea na somo. Msichana mmoja aliyekaa nyuma akasema, "Mwalimu, lakini maji yale ni ya kisima." Hakujibiwa.

Mtoto yule ndiye aliyekuwa na jibu, ingawa hakulijua jina lake. Mwalimu naye alikuwa na jibu hilo hilo ndani ya daftari lake la kemia, ila alikuwa amelifunga katika mlinganyo mrefu uliotaja chaki na magadi tu, hata asiweze kuona kwamba maji ya kisima nayo yamo. Katika makala hii tunataka kuonyesha jinsi mlinganyo ule unavyofupishwa mpaka ubaki na vitu vilivyofanya kazi peke yake, na jinsi mtu awezavyo kujua kabla ya kuchanganya kama wingu litatokea au halitatokea. Hatutarajii mwalimu awaandikie watoto wa shule ya msingi milinganyo hii ubaoni. Twataka aijue yeye, ili swali la msichana wa nyuma lisimpite.

Tuanze na jaribio lenyewe. Chaki nyingi za ubaoni hutengenezwa kwa jasi, ambayo ni salfeti ya kalsiamu. Lakini ziko nyingine zilizotengenezwa kwa kaboneti ya kalsiamu, na nyingine ni mchanganyiko. Kwa hiyo kwanza hudondoshwa siki kidogo juu ya kipande cha chaki. Kama chaki yatoa mapovu, ina kaboneti, nayo haifai kwa kazi yetu. Kama imetulia, ni jasi. Chaki ya jasi husagwa, vijiko viwili vya chai hutikiswa katika nusu lita ya maji ya mvua kwa dakika kadhaa, kisha maji huchujwa kwa karatasi ya kuchujia au kwa pamba iliyoshindiliwa katika mrija wa faneli mpaka yatoke maangavu. Unga mwingi utabaki juu ya karatasi, na hilo lisitushangaze, maana lita moja ya maji humumunyisha kiasi cha gramu mbili na nusu tu za jasi. Maji yanayotoka yaonekana kama maji matupu, lakini siyo.

Magadi nayo yahitaji kutayarishwa. Magadi ya asili, kama yale ya Ziwa Magadi huko Kenya au ya Ziwa Natron huko Tanzania, si kaboneti ya sodiamu peke yake. Yamechanganyika na haidrojeni kaboneti ya sodiamu, chumvi ya kawaida na udongo. Yakikaangwa katika sufuria kuukuu juu ya moto mkali, haidrojeni kaboneti hutoa mvuke na hewa ya kaboni dioksidi na kugeuka kuwa kaboneti. Baada ya hapo kijiko kimoja humumunyishwa katika glasi ya maji ya mvua na kuchujwa vizuri, kwa sababu udongo ukibaki ndani utaleta wingu la bandia. Maji haya huwasha macho na ngozi, basi mwalimu ayamimine mwenyewe.

Maji mawili maangavu yakikutana, mara moja huwa meupe kama tui. Weupe huo ni chembe za yabisi zisizomumunyika, ambazo zikiachwa hadi kesho yake hutuama chini. Chembe hizo ndizo tunazoziita mashapo. Swali la kwanza la mwalimu ni hili: mashapo haya ni nini?

Mlinganyo wa kawaida, ulio katika kila daftari, huandikwa hivi:

CaSO₄(aq) + Na₂CO₃(aq) → CaCO₃(s) + Na₂SO₄(aq)

Alama (aq) yaonyesha kitu kilichomumunyika katika maji, na (s) yaonyesha yabisi. Mlinganyo huu ni sahihi kwa hesabu, lakini waficha jambo moja kubwa. Wasomeka kana kwamba ndani ya glasi ya kwanza zilikuwamo chembe za salfeti ya kalsiamu zikielea zikiwa nzima. Sivyo. Chumvi ya namna hii inapomumunyika huachana vipande vyenye chaji ya umeme, yaani ioni. Katika maji ya chaki zimo ioni za kalsiamu, Ca²⁺, na ioni za salfeti, SO₄²⁻, kila moja ikienda zake na kuzungukwa na maji. Katika maji ya magadi zimo ioni za sodiamu, Na⁺, na ioni za kaboneti, CO₃²⁻. Basi tukitaka kuandika kilichokuwamo hasa katika glasi, twapaswa kuandika ioni hizo moja moja:

Ca²⁺ + SO₄²⁻ + 2Na⁺ + CO₃²⁻ → CaCO₃(s) + 2Na⁺ + SO₄²⁻

Hebu tutazame upande wa kushoto na wa kulia. Kalsiamu na kaboneti zilikuwa huru, sasa zimeshikana katika yabisi. Lakini sodiamu zilikuwa mbili huru, na sasa zi mbili huru. Salfeti ilikuwa moja huru, na sasa i moja huru. Hizi hazikupata badiliko lolote. Zaitwa ioni watazamaji, kwa kuwa zilikuwapo uwanjani mchezo ulipochezwa bila kuugusa mpira. Tukiziondoa pande zote mbili kwa hesabu ile ile iliyo sawa, hubaki huu:

Ca²⁺(aq) + CO₃²⁻(aq) → CaCO₃(s)

Huu ndio mlinganyo wa ioni. Mwanachuo ajue kwamba kuziondoa watazamaji ni kazi ya karatasi tu. Ndani ya glasi bado zimo. Mashapo yakichujwa na maji yaliyobaki yakichemshwa mpaka yakauke, chumvi nyeupe itabaki sufurianimo, nayo ni salfeti ya sodiamu pamoja na magadi yaliyozidi. Wala haiwezekani kuwa na chupa ya ioni za kalsiamu peke yake, kwa maana lazima ziandamane na ioni za chaji hasi zinazozilinganisha. Watazamaji ndio wanaofanya kazi hiyo.

Sasa mlinganyo mfupi una faida gani kuliko ule mrefu? Faida yake ni kwamba haukutaja chaki, wala haukutaja magadi. Wasema tu kwamba popote ioni za kalsiamu zikutanapo na ioni za kaboneti kwa wingi wa kutosha, yabisi nyeupe itatokea. Chukua chokaa iliyozimwa, itikise katika maji ya mvua, uchuje upate maji maangavu ya chokaa, kisha utie maji ya magadi. Mlinganyo mrefu ni mwingine kabisa:

Ca(OH)₂(aq) + Na₂CO₃(aq) → CaCO₃(s) + 2NaOH(aq)

Lakini watazamaji wakiondolewa, ambao safari hii ni sodiamu na haidroksidi, hubaki mlinganyo ule ule wa kalsiamu na kaboneti. Na maji ya kisima katika nchi yenye mawe ya chokaa? Humo zimo ioni za kalsiamu pamoja na ioni za haidrojeni kaboneti, HCO₃⁻, kwa sababu maji ya mvua yenye kaboni dioksidi yamepita katika mawe na kuyamumunyisha polepole. Ndiyo maana maji hayo hayatoi povu la sabuni upesi. Magadi yakitiwa, kalsiamu hukutana na kaboneti, na wingu hutokea, bila chaki yoyote. Glasi ya pili ya mwanachuo wetu haikuwa chafu. Jaribio lilikuwa limefaulu mara mbili, nalo likaitwa kosa.

Tumeshasema kwamba kaboneti ya kalsiamu ndiyo yabisi. Je, tumejuaje? Katika glasi, ioni za aina nne zimechanganyika, na yabisi ingeweza kuwa ya jozi nyingine. Njia ya kufikiri ni hii. Andika ioni zote nne. Jozi mbili za zamani, yaani kalsiamu na salfeti, na sodiamu na kaboneti, twajua zilimumunyika, kwa kuwa maji yalikuwa maangavu. Zimebaki jozi mbili mpya ambazo hupatikana kwa kubadilishana wenzi: kalsiamu na kaboneti, sodiamu na salfeti. Kwa kila jozi mpya twauliza kama chumvi yake humumunyika katika maji. Jibu hupatikana katika kanuni za umumunyifu, ambazo ni matokeo ya majaribio mengi yaliyokusanywa, wala si sheria iliyotokana na fikira peke yake.

Kanuni ya kwanza ndiyo yenye nguvu kuliko zote: chumvi za kawaida za sodiamu, potasiamu na amoniamu humumunyika zote, na naitreti humumunyika zote, ziwe za metali yoyote. Kanuni ya pili yasema kwamba kloraidi humumunyika, isipokuwa ya fedha na ya risasi. Na hiyo ya risasi humumunyika katika maji ya moto. Ya tatu, salfeti humumunyika, isipokuwa ya bariamu na ya risasi, na ile ya kalsiamu humumunyika kidogo tu. Ya nne, kaboneti hazimumunyiki, isipokuwa zile zilizokwisha kuruhusiwa na kanuni ya kwanza. Haidroksidi nazo ni hivyo hivyo, ila ya kalsiamu humumunyika kidogo, na ya bariamu humumunyika vizuri zaidi. Ziko nyingine, lakini kwa mwanafunzi wa ualimu hizi zatosha kufanyia kazi kubwa. Zikumbukwe kwa mpangilio huu, kwa sababu anayeanza na ya nne husema kwamba kaboneti ya sodiamu haimumunyiki, na huku magadi yamo ndani ya chai ya bibi yake.

Tukirudi kwenye jozi zetu, sodiamu na salfeti zalindwa na kanuni ya kwanza, basi hubaki majini. Kalsiamu na kaboneti zahukumiwa na kanuni ya nne, basi hutoka. Utabiri umekamilika kabla ya kumimina tone moja.

Lakini utabiri wa karatasi wastahili kupimwa. Chaki yetu haikutoa mapovu ilipodondoshewa siki. Kaboneti ya kalsiamu hutoa. Kwa hiyo kama mashapo ni kaboneti, unga uliotoka katika chaki isiyo na mapovu utatoa mapovu. Watoto hulipenda jambo hili, na linaeleweka bila fomula. Mashapo huachwa yatuame, maji ya juu humwagwa kwa uangalifu, maji ya mvua mapya hutiwa, hukorogwa, huachwa tena, na kazi hii hurudiwa mara tatu. Msirukie siki kabla ya kuosha. Magadi yaliyosalia nayo ni kaboneti, nayo hutoa mapovu kwa siki. Asiyeosha huona mapovu na kudhani amethibitisha, kumbe amepima magadi yake mwenyewe. Njia ya kujua kama kuosha kumetosha ni kuchukua maji ya mwisho ya kuoshea na kuyatia siki peke yake. Yakitulia, ndipo siki hutiwa katika mashapo. Mtarajie kiasi kidogo. Maji ya chaki sentimita za ujazo mia moja hutoa mashapo yasiyofika sehemu moja ya tano ya gramu, yaani ncha ya kijiko, lakini hata hayo hutoa mapovu ya kuonekana wazi.

Katika kusahihisha daftari za wanachuo tumeona makosa yanayorudi mwaka hata mwaka, na mawili yana madhara zaidi. La kwanza ni kuigawa yabisi. Mwanafunzi amejifunza kwamba chumvi huachana ioni, basi huyagawa hata mashapo, akaandika Ca²⁺ + CO₃²⁻ upande wa kulia pia. Akianza kuondoa watazamaji, kila kitu huondoka, na hubaki mshale peke yake. Kinachogawanywa ni kile tu chenye (aq), na hata hapo ni chumvi, asidi kali na alkali kali tu. Maji, hewa na yabisi huandikwa vikiwa vizima. Ndiyo sababu alama za hali ziandikwe mapema, wala si mwishoni kama pambo.

Kosa la pili ni kuvunja ioni yenyewe. Tumewahi kuona kaboneti ikiandikwa kama kaboni na oksijeni tatu zilizo huru, na tumeona kloraidi mbili zikiandikwa Cl₂²⁻. Ioni ya kaboneti husafiri ikiwa moja, na ioni mbili za kloraidi ni mbili, 2Cl⁻. Kipimo chepesi cha kugundua makosa ya namna hii ni kuhesabu chaji. Katika mlinganyo wetu, kushoto kuna mbili za chanya na mbili za hasi, jumla sifuri. Kulia kuna yabisi isiyo na chaji, sifuri. Mlinganyo wa ioni ambao atomi zake zimelingana lakini chaji hazikulingana bado ni mbovu.

Kuhusu mshale kubaki peke yake, iko hali moja ambayo jambo hilo ni sawa kabisa. Changanya maji ya chumvi ya mezani na maji ya chumvi ya haluli, ambayo ni salfeti ya magnesiamu. Jozi mpya ni sodiamu na salfeti, magnesiamu na kloraidi. Kanuni ya kwanza yairuhusu ile, kanuni ya pili yairuhusu hii. Hakuna yabisi, ioni zote nne ni watazamaji, na hakuna mchezo. Mwanafunzi asilazimishwe kuandika mlinganyo. Aandike kwamba hakuna kilichotokea. Baadhi ya vitabu vya mazoezi huwazoeza wanafunzi kuamini kwamba kila mchanganyiko lazima uwe na mshale, na sisi twaona hiyo ni hasara kubwa kuliko kukosea fomula.

Neno "kidogo" lililo katika kanuni za tatu na nne lahitaji uangalifu. Chukua maji ya chokaa na uyatie maji hafifu ya chumvi ya haluli. Jozi mpya ni magnesiamu na haidroksidi, ambayo kanuni ya nne yaikataa, na kalsiamu na salfeti, ambayo ndiyo jasi yetu. Wingu jeupe litatokea, na mlinganyo wake ni huu:

Mg²⁺(aq) + 2OH⁻(aq) → Mg(OH)₂(s)

Kalsiamu na salfeti hapa ni watazamaji. Lakini ni watazamaji kwa masharti. Maji ya chokaa yana kalsiamu chache, kwa kuwa lita moja humumunyisha chokaa isiyofika gramu mbili. Na zikichanganywa na salfeti chache, jasi bado ina nafasi ya kubaki majini. Ukitia chumvi ya haluli kwa wingi mno, huenda nafasi hiyo ikajaa, na jasi ikaanza kutoka taratibu ikiwa sindano ndogo zinazong'aa. Ndipo hata watazamaji huingia uwanjani. Kanuni husema kumumunyika au kutomumunyika kana kwamba ni mlango uliofungwa au uliofunguliwa. Kwa kweli hata kaboneti ya kalsiamu humumunyika, ila ni kiasi cha sehemu moja na nusu ya mia ya gramu kwa lita. Tofauti kati ya kiasi hicho na gramu mbili na nusu za jasi ndiyo iliyoleta wingu letu la kwanza.

Mwalimu anayelirudia jaribio la glasi mbili na aweke tatu: moja ya maji ya chaki, moja ya maji ya mvua, na moja ya maji ya kisima cha shule kama yalivyo. Magadi yatiwe kiasi kile kile katika zote. Ya mvua ikibaki angavu, magadi yake ni safi na glasi zake zimeoshwa. Ya kisima ikiwa nyeupe, kuna kalsiamu, na pengine magnesiamu pia, ndani ya maji ambayo watoto hunywa na kufulia. Ikibaki angavu, kisima chao hakina mawe ya chokaa karibu. Katika hali zote mbili, msichana wa nyuma aulizwe kwanza anafikiri nini kitatokea.